Danke si asante tu: kuagiza, kulipa na kuacha bahshishi mgahawani Ujerumani

Mhudumu amesimama kando ya meza, pochi kubwa nyeusi mkononi. Amekutajia bili ya yuro 38 na senti 50, nawe umempa noti ya 50. Kwa adabu uliyolelewa nayo unasema "Danke". Anatabasamu, anashukuru kwa moyo wote, anafunga pochi na kwenda meza nyingine. Yuro 11 na senti 50 zimeondoka, na hakuna aliyekuibia. Mezani, kwa Mjerumani, kusema asante wakati unakabidhi pesa ni kusema: chenji baki nayo.

Mgeni anayejua maneno 2,000 ya Kijerumani anaweza kunaswa hapo, na mwenye maneno 30 akapita salama. Mazungumzo ya mgahawani hayahitaji Kijerumani kingi. Yanakwenda kwa mpangilio ule ule karibu kila mahali nchini, kila sentensi na wakati wake, na neno dogo likisemwa wakati usio wake hubeba maana nyingine. Tufuate mlo mmoja wa watu wawili, tangu mlangoni hadi pesa zinapotoka mfukoni.

Mlangoni na mezani

Kabla ya kuingia, soma orodha ya vyakula iliyobandikwa nje. Sheria ya Ujerumani inataka bei zionekane mlangoni, na bei hizo ziwe za mwisho: kodi imo, na huduma imo. Chakula kilichoandikwa 13,90 kitalipiwa yuro 13 na senti 90 (mkato huo ndio nukta yao ya desimali). Shika jambo hili la huduma kuwamo ndani ya bei, maana hesabu yote ya bahshishi inasimama juu yake.

Ukikuta kibao cha "Bitte warten, Sie werden platziert", subiri hapo, utapelekwa mezani. Kisipokuwepo, unajichagulia meza mwenyewe. Ziache meza zenye kadi ya "Reserviert", na iache meza yenye kibao cha "Stammtisch" hata ikiwa tupu kabisa, kwa sababu hiyo ni ya wateja wa kudumu wa mtaa. Mahali pakiwa pamejaa, hasa kwenye kumbi za bia za Bavaria zenye meza ndefu, ni kawaida kukaa meza moja na watu usiowajua. Uliza kwanza: "Ist hier noch frei?", je, hapa pako wazi? Wakijibu "Ja, bitte", kaa. Hamlazimiki kuzungumza zaidi ya hapo.

Kosa la kwanza la wengi huja dakika hiyo hiyo: kuomba "Menü". Kwa Kijerumani, "das Menü" ni mlo uliopangwa tayari, supu, chakula kikuu na kitamutamu kwa bei moja. Ukitaka orodha ya vyakula, omba "die Karte" au "die Speisekarte". Sentensi yako ni "Die Karte, bitte". Neno "bitte" litamke "bite", kwa kukaza kidogo sauti ya t.

Kumwita mhudumu, inua mkono kidogo, macho yakutane, na useme "Entschuldigung" (ent-shul-di-gung), yaani samahani. Hawana mwito kama dada, kaka au mama kwa mtu asiyejulikana. Vitabu vya zamani vinafundisha "Fräulein" kwa mhudumu wa kike. Siku hizi neno hilo linamdunisha, liache. Na ule mwito wetu wa "psss" wa vibandani usiuvushe bahari. Mkizungumza, mwite "Sie", kiwakilishi cha heshima, hata kama ni kijana wa miaka 18. Kwenye mikahawa ya vijana yeye mwenyewe anaweza kukuita "du", nawe hapo unaweza kumrudishia "du".

Kuagiza

Vinywaji vinaagizwa kwanza, mara nyingi kabla hujamaliza kusoma orodha. Utasikia "Was darf ich Ihnen zu trinken bringen?" au kwa ufupi "Zu trinken?". Sentensi ya kujibu ni moja na itakutosha kwa mlo mzima: "Ich hätte gern", ikitamkwa "ih hete gern". Hiyo "ch" ya "ich" ni h nyembamba. Inua ulimi kama unayetaka kutamka y, kisha utoe pumzi tu. Maana yake iko karibu kabisa na "naomba" yetu. "Ich will" ni "nataka", na inasikika kwao kama "nataka" inavyosikika kwetu mbele ya mtu mzima: utahudumiwa, lakini utakuwa umesikika mkavu. "Ich nehme", nachukua, ni ya kawaida na haina kosa lolote, hasa unapojibu "Haben Sie schon gewählt?", umeshachagua?

Baada ya "Ich hätte gern" jinsia ya nomino huanza kuuma. Kinywaji cha jinsia ya kiume kinachukua "einen": "einen Kaffee", "einen Tee", "einen Apfelsaft". Cha kike kinachukua "eine": "eine Cola", "eine Apfelschorle". Kisicho cha kiume wala cha kike kinachukua "ein": "ein Wasser", "ein Bier". Ukikosea utaeleweka bila shida. Kama hukumbuki, kuna mlango wa pembeni ambao Wajerumani wenyewe wanautumia: "Für mich Kaffee, bitte", kwangu kahawa. Hapo jinsia umeiepuka kabisa.

Maji ndipo mgeni wa Afrika Mashariki anaposhangaa zaidi. Ukisema "ein Wasser" bila kuongeza neno, kuna uwezekano mkubwa wa kuletewa maji ya gesi. Ukitaka yasiyo na gesi, sema "stilles Wasser" (shtiles vasa, w yao ni v yetu). Mara nyingi mhudumu mwenyewe atauliza "Mit oder ohne?", yenye gesi au isiyo na gesi, na jibu ni "ohne, bitte". Maji ya bomba, "Leitungswasser", ni salama na yanaweza kuombwa, ila mgahawa haulazimiki kuyatoa bure. Wengine hutoza, wengine hukataa. Ushauri wangu ni kuyaomba pamoja na kinywaji kingine cha kulipiwa, kwa sababu mgahawa wa Kijerumani hupata faida kubwa kwenye vinywaji, na meza inayokunywa maji ya bomba peke yake haipokewi kwa furaha. Wala usitarajie kujaziwa glasi bure. Kila ukisema "Noch ein Wasser, bitte", maji mengine tafadhali, unaongeza mstari kwenye bili.

Kipimo kimeandikwa kando ya kila kinywaji: 0,2 l, 0,3 l, 0,4 l, 0,5 l. Glasi zenyewe zina mstari mdogo unaoonyesha kinywaji kifike wapi. Kikiwa chini sana ya mstari, unayo haki ya kuomba kiongezwe. Linganisha kipimo kabla ya bei, kwani juisi ya yuro 3,20 ya 0,2 l ni ghali kuliko ya 4,20 yenye 0,4 l.

Neno "Schorle" ni kinywaji kilichochanganywa na maji ya gesi. "Apfelschorle" ni juisi ya tufaha, na watoto wanaikunywa. Lakini katika maeneo ya mvinyo, kama Palatinate kusini-magharibi, "Schorle" bila neno mbele yake huwa ni mvinyo na maji. Asiyekunywa pombe aseme neno zima. Ajue pia kwamba "Radler" ni bia iliyochanganywa na soda ya limau, na kwamba bia iliyoandikwa "alkoholfrei" inaruhusiwa kuwa na pombe hadi asilimia 0,5. Kwa anayejizuia kabisa, iliyoandikwa 0,0 ndiyo ya kuuliza. Sheria ya mikahawa ya Ujerumani ina kipengele kizuri hapa: lazima kuwe na angalau kinywaji kimoja kisicho na pombe ambacho si ghali kuliko pombe ya bei ya chini kabisa. Kitafute kwenye orodha, kipo.

Upande wa chakula, majina kadhaa hudanganya, na kwa msomaji asiyekula nguruwe udanganyifu huo si jambo dogo. "Wiener Schnitzel" ni nyama ya ndama. Jina hilo peke yake linalindwa. "Schnitzel Wiener Art", yaani ya mtindo wa Vienna, kwa kawaida ni nguruwe, na tofauti ni neno moja tu, "Art". "Leberkäse" kwa maneno ni ini na jibini, lakini mara nyingi ni nyama ya kusaga ya nguruwe na ng'ombe iliyookwa, jibini hakuna. Mjini Cologne "Halver Hahn", ambayo mtu angeielewa kuwa nusu ya jogoo, ni mkate mdogo wenye jibini. Na "Speck", nyama ya nguruwe yenye mafuta, hujificha mahali usipoitegemea: kwenye viazi vya kukaanga, kwenye saladi ya viazi, kwenye maharage mabichi, kwenye supu ya dengu. Chakula kinachoonekana cha mboga kinaweza kuwa nayo bila kutajwa kwenye orodha.

Basi uliza: "Ist da Schweinefleisch drin?", humu mna nyama ya nguruwe? Kisha ongeza "Auch kein Speck?", hata Speck hamna? Swali la pili si kurudia la kwanza. Mhudumu mwenye haraka hulisikia neno "nyama" akafikiria vipande vya nyama, akasahau vile vichembe vya Speck vilivyotiwa kwa ladha. Herufi na namba ndogo unazoziona kando ya majina ya vyakula ni za vitu vinavyodhuru watu fulani, kama karanga, maziwa na gluteni, pamoja na viongezo. Ufunguo wake uko ukurasa wa mwisho. Nguruwe hayumo katika orodha hiyo, kwa hiyo usiitumie kama kinga.

Ukitaka kubadilisha kiambatisho, sentensi ni "Kann ich statt Knödel Pommes haben?", badala ya Knödel (madonge ya viazi au mkate) naweza kupata chipsi? Weka jina la usichotaka baada ya "statt" na unachotaka baada yake. Mara nyingi hukubaliwa, wakati mwingine kwa nyongeza ya yuro moja au mbili.

Chakula kinapofika, mhudumu atasema "Guten Appetit", nawe "Danke" hapa ni asante safi. Lakini akija katikati ya mlo na kuuliza "Möchten Sie noch etwas trinken?", ungependa kinywaji kingine, neno "Danke" likisemwa peke yake, hasa kwa kutikisa kichwa kidogo, ni "hapana". Si ajabu kwetu. Nasi tukikaribishwa chakula tunasema "asante" tukimaanisha tumeshiba. Ukitaka kinywaji, jibu "Ja, gern" au "Ja, bitte". Kumbuka neno hili, kwa sababu litarudi na pesa.

Lalamiko lolote liseme mapema. Chakula kikiwa baridi, "Entschuldigung, das Essen ist leider kalt". Kikiwa sicho ulichoagiza, "Ich habe etwas anderes bestellt". Ukishakula nusu, nafasi ya kubadilishiwa imeshapita. Ukimaliza, laza kisu na uma sambamba upande wa kulia wa sahani. Hapo mhudumu anajua aondoe. Ukiviacha vimepishana, anaelewa umepumzika tu. Akiuliza "Hat es geschmeckt?", kilikuwa kitamu?, "Ja, sehr gut" inatosha.

Kuomba bili

Sasa mmemaliza, sahani zimeondolewa, na hakuna anayekuja. Dakika 10, dakika 20. Wageni wengi huanza kukasirika hapa, wakidhani wamesahauliwa au wamedharauliwa. Mhudumu wa Kijerumani haleti bili bila kuombwa, kwa sababu kuileta ni kama kukuambia uondoke. Meza ni yako hadi useme. Isipokuwa zamu yake ikiisha: hapo atakuja kukuomba ulipe kabla hajaondoka, "Darf ich schon abkassieren?", na anayemrithi ataendelea kukuhudumia kwa bili mpya. Kama ulikuwa umetaka kumpa bahshishi, mpe huyo anayeondoka, kwani ndiye aliyekuhudumia.

Sema "Zahlen, bitte" (tsalen bite, z yao ni ts), au "Die Rechnung, bitte" (di rehnung bite). Zote mbili ni sahihi. Ya upole zaidi ni "Wir würden gern zahlen", tungependa kulipa. Kwa kawaida unalipa mezani pale pale. Kusimama na kwenda kaunta bila kuambiwa kunaweza kumfanya mhudumu adhani unaondoka.

Swali linalofuata karibu kila mara ni hili: "Zusammen oder getrennt?", pamoja au kila mtu na yake? "Zusammen" litamke tsuzamen, "getrennt" litamke getrent. Hakuna aibu yoyote katika "getrennt". Marafiki, wafanyakazi wenzako, hata wachumba hulipa hivyo. Hapa pia kuna mtego wa desturi. Kwetu anayesema "twende tukale" huwa ameshajitwisha bili, au angalau anategemewa. Mjerumani akisema "Kommst du mit essen?" amekualika kampani tu. Kinachobeba bili ni kitenzi "einladen": "Ich lade dich ein" maana yake nitalipa mimi. Usiposikia neno hilo, nenda na pesa zako.

Turudi kwa watu wetu wawili. Mmoja amekula samaki aina ya trauti, "Forelle", kwa yuro 17,50 na maji ya 2,90. Mwenzake amekula "Käsespätzle", tambi laini za mayai zilizochanganywa na jibini, kwa 13,90, na Apfelschorle ya 4,20. Jumla ni yuro 38,50. Mhudumu anaitaja: "achtunddreißig fünfzig".

Namba hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Kiswahili kinasema thelathini na nane. Kijerumani kinasema nane na thelathini, "acht-und-dreißig". Sikio lenye haraka linashika "acht" kwanza likaandika 83. Kanuni ya kujiokoa ni hii: ukisikia "und" katikati ya namba, kilichotangulia ni mamoja na kinachofuata ni makumi. Subiri hadi namba iishe ndipo uielewe. Sikiliza pia mwisho wake, maana "fünfzehn" ni 15 na "fünfzig" ni 50. Ukishindwa, usikubali kwa kubahatisha, sema "Kann ich es bitte sehen?", naweza kuiona? Ataonyesha karatasi au kioo cha kifaa chake. Pitia mistari: idadi ya vinywaji ndiyo hukosewa zaidi.

Bahshishi imo ndani ya namba unayoitamka

Bahshishi kwa Kijerumani ni "Trinkgeld", kwa maneno ni pesa ya kinywaji. Ni hiari. Sheria inaieleza kuwa pesa anayopewa mfanyakazi na mtu mwingine bila wajibu wowote, juu ya malipo yanayomstahili mwajiri. Mhudumu ana mshahara wake. Kima cha chini cha kisheria, kilichoanza Januari 2015, kinamhusu kama mfanyakazi mwingine, na tangu Januari 2026 ni yuro 13,90 kwa saa. Mwajiri hawezi kuihesabu bahshishi kuwa sehemu ya kima hicho. Ndiyo maana asilimia 20 za Marekani si desturi hapa. Hata hivyo kutotoa kitu kabisa, baada ya huduma nzuri mezani, kunachukuliwa kuwa ishara ya kutoridhika. Kawaida ni kati ya asilimia 5 na 10, ikizungushwa ifikie namba nzima.

Hesabu yake haihitaji simu. Sogeza mkato hatua moja kushoto: 38,50 inakuwa 3,85, hiyo ndiyo asilimia 10. Nusu yake, karibu 1,90, ndiyo asilimia 5. Basi namba yoyote nzima kati ya 40,40 na 42,35 inafaa: 41 au 42. Tuchukue 42.

Sasa inakuja hatua ambayo mgeni hafundishwi. Huachi sarafu mezani baada ya kupokea chenji, ingawa hakuna atakayekasirika ukifanya hivyo. Unataja jumla unayotaka kulipa, bahshishi ikiwa imo ndani, kabla au wakati unakabidhi pesa. Mhudumu anasema "achtunddreißig fünfzig". Wewe unampa noti ya 50 na kusema "Zweiundvierzig, bitte", 42 tafadhali. Anakurudishia 8. Hakuna zaidi. Kama ungekuwa na 42 kamili mkononi, ungempa na kusema "Stimmt so" (shtimt zo), yaani ni sawa hivyo, sihitaji chenji.

Tazama basi jinsi "Danke" linavyoangukia hapa. Mhudumu anasubiri moja kati ya mambo mawili: namba, au kauli kwamba hutaki chenji. "Danke" halina namba, kwa hiyo analihesabu kwenye la pili. Ukikabidhi noti, sema namba au sema "bitte". Asante yako iweke baada ya chenji kufika. Na kama limeshakutoka, rekebisha papo hapo bila woga: "Entschuldigung, ich bekomme noch acht Euro zurück", samahani, ninarudishiwa yuro nane. Watakurudishia na kucheka, kwani wanajua wageni hukosea hapo. Ukingoja hadi afike jikoni, pesa zitakuwa zimechanganyika na sentensi itakuwa ngumu zaidi.

Wakilipa "getrennt", kila mmoja anataja alichokula. Wa kwanza: "Die Forelle und ein Wasser". Mhudumu: "zwanzig vierzig", 20,40. Jibu: "Zweiundzwanzig, bitte". Mwenzake: "Die Käsespätzle und die Apfelschorle", 18,10, anatoa noti ya 20 na kusema "Stimmt so". Kila mtu ameweka bahshishi yake. Katika kundi kubwa kitu hupotea: watu wanataja vyakula wakasahau vinywaji vya pili, na aliyelipa mwisho hubaki na mistari isiyo na mwenyewe. Andika vyako kwenye simu kila unapoagiza, hasa usipoijua lugha vizuri. Cologne wanaweka kumbukumbu hiyo mbele ya macho yako: glasi za 0,2 l za bia ya Kölsch huletwa moja baada ya nyingine bila kuagizwa, kila moja ikichorewa mstari kwenye kikadi cha chini ya glasi, hadi uweke kikadi hicho juu ya glasi kama ishara ya kutosha. Usikipoteze kikadi, ndiyo bili yenyewe.

Bili ndogo hazihitaji asilimia. Kahawa ya 3,60, sema "Vier, bitte". Unaponunua kaunta na kubeba mwenyewe sinia, au kwenye kibanda cha chakula, hudaiwi kitu. Sarafu kwenye kikombe cha kaunta ni ya anayependa. Usimwagie mhudumu senti moja moja na mbili mbili ili kuzimaliza, kwa sababu hilo huchukuliwa kuwa dharau kuliko kutotoa kabisa.

Kadi

Uliza kabla ya kukaa, si baada ya kula: "Kann man hier mit Karte zahlen?". Bado kuna mikahawa mingi midogo ya pesa taslimu tu, "Nur Barzahlung". Na jibu la "Ja" halitoshi, kwani huenda wanapokea kadi za benki za Kijerumani tu, zinazoitwa "girocard" au kwa mazoea "EC-Karte", na ya kwako ya nje ikakataliwa. Uliza kwa jina: "Auch Visa?". Kama imeshatokea, sema "Wo ist der nächste Geldautomat?", mashine ya pesa ya karibu iko wapi? Mmoja aende, mwingine abaki mezani. Ukiwa peke yako, jitolee kuacha kitu cha dhamana hadi urudi. Ni uungwana unaoeleweka.

Kwa kadi, namba yako lazima itangulie vidole vya mhudumu. Akishaandika 38,50 kwenye kifaa na wewe ukaigusa, hakuna pa kuongeza. Sema "Zweiundvierzig, bitte" anapokitoa kifaa. Vifaa vya siku hizi, hasa mijini, vinakuonyesha vitufe vya asilimia zilizopangwa, na cha kwanza mara nyingi ni asilimia 10 au zaidi. Vitufe hivyo vimewekwa na mwenye mgahawa au mwenye kifaa, havikubadilisha desturi. Kuna kitufe cha "Kein Trinkgeld" au cha kuweka kiasi chako, na sioni sababu ya kuona haya kukibonyeza, hasa ulipojichukulia chakula kaunta. Mimi ningelipa bili kamili kwa kadi na kumpa mhudumu sarafu mbili mkononi, nikisema "Das ist für Sie", hii ni yako. Hapo hakuna shaka pesa imemfikia nani.

Karatasi ya malipo omba ikiwa unaihitaji: "Den Beleg, bitte". Ukiona imeandikwa "Zwischenrechnung", hiyo ni hesabu ya muda, bado si stakabadhi ya kulipa.

Malipo yakiisha hamfukuzwi. Maliza maji yako, vaa koti, na mkipita karibu na mhudumu atawaambia "Schönen Abend noch". Jibu lake ni "Danke, ebenfalls", asante, nawe pia, na hapo noti zote zimeshakaa mahali pake, "Danke" haikugharimu kitu.